Kitambulisho kimepotea, maombi yanafungwa Ijumaa

Jumatatu, saa 11 jioni, binti mmoja alishuka basi katika stendi kuu ya Nanenane jijini Dodoma. Alikuwa ametoka nyumbani kwao Kibaigwa, wilayani Kongwa. Alipofika geti la kutokea akashtuka: begi analo, simu anayo, bahasha ya kaki haipo.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kitambulisho chake cha Taifa, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha sita, vyote halisi. Alikuwa amevibeba kwa sababu taasisi moja ya afya jijini ilitangaza nafasi za mafunzo kazini kwa wahitimu wa uuguzi, naye alitaka kuvitoa nakala na kutuma maombi. Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, saa 10 jioni. Siku nne.

Jambo lililomuuma zaidi mama yake lilikuwa dogo. Asubuhi ile binti alitaka kubeba nakala tu. Mama ndiye aliyesisitiza: "Beba halisi, mwanangu, wasije wakakusumbua." Simu ilipopigwa jioni ile kueleza kilichotokea, mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi ni mimi."

Kazi ya kwanza ilikuwa kurudi kwa wakala wa basi na tiketi mkononi. Tiketi ina namba ya basi na namba ya kiti, na kondakta akipigiwa mapema kabla watu wengine hawajapanda, mzigo huweza kupatikana. Kondakta alipekua siti na chini yake, akasema hakuna kitu.

Alipokuwa amesimama pale akilia, kijana mmoja alimsogelea. Alisema ana "mtu wa ndani" anayeweza kumtolea kitambulisho kipya kesho yake kwa Sh60,000, ampe tu majina kamili, tarehe ya kuzaliwa, majina ya mama na picha ndogo. Binti alikuwa na hofu kiasi cha kutaka kukubali. Kilichomwokoa ni kwamba hakuwa na hizo fedha.

Mzazi ajue kwa nini ahadi ile haikuwezekana. Kadi ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, haichapwi kwenye kaunta ya ofisi ya wilaya ikakabidhiwa palepale. Ofisi ya wilaya hupokea ombi na kukabidhi kadi iliyochapwa kwingine. Anayeahidi kadi kesho asubuhi atatoa kadi ya bandia, au atachukua fedha na taarifa kisha atoweke. Na taarifa zile alizoomba, yaani majina, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama, ndizo hizohizo zinazofungua namba ya utambulisho ya mtu.

Kadi ni kitu kimoja, namba ni kingine

Usiku ule binti alifikia chumbani kwa rafiki yake, Nkuhungu. Rafiki huyo ndiye aliyemuuliza swali lililobadilisha hesabu nzima: "Tangazo linataka kadi, au linataka namba?"

Wakalisoma tangazo upya, mstari kwa mstari. Liliomba namba ya NIDA, nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala za vyeti vya kidato cha nne na cha sita zilizothibitishwa, na cheti au matokeo ya chuo. Hakuna mahali palipotaja kadi yenyewe.

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza siku bure. Wanakimbilia kutafuta kadi mpya, ambayo haitawahi, wakati kinachotakiwa ni namba, na namba haipotei pamoja na kadi. Watanzania wengi walikaa muda mrefu wakitumia namba tu wakisubiri kadi. Namba hiyo ndiyo inayosajili laini ya simu, na ndiyo inayoulizwa mtu anapoomba TIN au pasipoti.

Namba ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa tarehe 7 Machi 2001, namba yake itaanza na 20010307. Ukiiandika mahali na mwanzo wake haulingani na tarehe ya kuzaliwa iliyosajiliwa, jua umekosea kunakili.

Kuipata tena hakuhitaji kwenda ofisini. Kwenye simu mtu anapiga *152*00#, anachagua kipengele cha Ajira na Utambuzi, kisha NIDA, na anafuata maelekezo. Kwenye tovuti ya NIDA nako kuna ukurasa wa kutafuta namba. Unaulizwa jina la kwanza na la mwisho, tarehe ya kuzaliwa, na jina la kwanza na la mwisho la mama.

Binti alijaza, jibu likaja kwamba taarifa hazikupatikana. Akajaza tena, jibu likawa lilelile. Saa 3 usiku akampigia mama yake.

Jina la mama

Mfumo hautafuti mtu kwa kukisia. Unalinganisha herufi ulizoandika na herufi zilizoingizwa siku ya usajili. Jina kama Margareth katika vijiji vyetu lina sura tatu au nne: Margareth, Magreth, Magreti, Margaret. Kwa wanaolitamka ni jina moja, kwa mfumo ni watu wanne tofauti. Kuna pia suala la jina la mwisho. Mama anaweza kujulikana mtaani kwa jina la mume, lakini kwenye usajili wa mtoto akaandikwa kwa jina la baba yake.

Binti alikuwa akiandika jina la mama kama lilivyo kwenye simu yake na kwenye kikundi cha kanisani, yaani kwa jina la mume. Mama naye hakukumbuka jinsi lilivyoandikwa siku binti aliposajiliwa kwa mtendaji. Alichokumbuka ni kwamba siku ile walipeleka cheti cha kuzaliwa cha binti, na karani alinakili kutoka humo.

Cheti chenyewe kilikuwa kimepotea, lakini mama alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Aliwasha tochi ya simu akaanza kupekua: kadi za kliniki, risiti za mbegu, barua za shule. Chini kabisa alikuta bahasha ya mwaka 2021, waliyoiandaa binti alipoomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ndani yake kulikuwa na nakala za vyeti vyote, zenye mhuri na saini ya wakili.

Kwenye nakala ya cheti cha kuzaliwa, mama alikuwa ameandikwa kwa jina la baba yake, na jina lake la kwanza halikuwa na herufi moja ambayo yeye mwenyewe huiweka siku zote. Alimsomea binti herufi moja moja kwenye simu. Safari hii tarakimu 20 zikaja.

Binti aliziandika kwenye daftari, akajitumia kwa barua pepe, akamtumia na mama yake. Kisha akafanya jambo moja linalosahaulika: alipiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yake. Aliona laini mbili, zote zake. Mtu aliyepoteza kadi afanye hivyo siku ileile, na arudie baada ya siku kadhaa. Akikuta laini asiyoijua, aende kwa kampuni ya simu inayohusika ifutwe kwenye jina lake.

Taarifa ya polisi iwe moja na kamili

Jumanne asubuhi alikwenda kituo cha polisi kuomba taarifa ya upotevu wa mali, ambayo wengi huiita losi ripoti. Jeshi la Polisi lina pia mfumo wa mtandaoni wa taarifa hizi, lormis.tpf.go.tz, ambapo mtu anajaza taarifa, anapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, analipa kwa simu na kupata karatasi yake. Yeye alichagua kwenda mwenyewe, kwa sababu alitaka kuuliza maswali.

Nusura akosee hapo. Alitaka kuandika kitambulisho tu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kichwani. Askari aliyempokea alimuuliza, "Dada, bahasha ilikuwa na kitu kimoja?" Akaviorodhesha vyote vitatu, kila kimoja na namba yake: namba ya NIDA, namba ya usajili iliyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na namba ya mtihani ya kidato cha sita pamoja na mwaka.

Sababu ni hii. Kila ofisi atakayokwenda baadaye itataka kuona kitu chake kimetajwa kwenye karatasi ile. Taarifa inayosema "nyaraka mbalimbali" haitamsaidia kokote, na kitu kisichotajwa kitamrudisha foleni. Namba za cheti cha kuzaliwa na za mtihani alizipata kwenye picha alizotumiwa na mama kutoka lile sanduku. Asiye na nakala anaweza kutafuta namba yake ya mtihani kwenye matokeo ya shule yake katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA.

Kutoka polisi alikwenda ofisi ya NIDA ya wilaya. Kupata kadi mpya badala ya iliyopotea kunahitaji taarifa ya polisi, fomu ya maombi na malipo ya Sh20,000 yanayolipwa kwa namba ya kumbukumbu, si mkononi kwa mtu. Aliuliza kadi itatoka lini. Alijibiwa kwa ukweli kwamba si wiki hiyo, na kwamba aendelee kutumia namba. Alitunza risiti na nakala ya fomu, kwa sababu akiulizwa kadi iko wapi, hizo ndizo zinazoonyesha kwamba ameshaomba nyingine.

Cheti cha shule kilikuwa mlima halisi

Hadi Jumanne jioni suala la kitambulisho lilikuwa limetulia. Lililobaki lilikuwa cheti cha kidato cha sita, na hapo hakuna njia ya mkato.

NECTA haichapi upya cheti kilekile kwa siku moja. Aliyepotelewa anaomba cheti mbadala au uthibitisho wa matokeo. Kwa cheti mbadala anatakiwa kuwa na taarifa ya polisi, kutangaza upotevu gazetini na kulipa ada, kisha maombi yashughulikiwe. Mzazi ahesabu wiki kadhaa, si siku. Ni vyema kuanza mapema, lakini asitegemee kwamba kitasaidia maombi yanayofungwa Ijumaa.

Binti akawa na wazo lililoonekana jepesi. Alikuwa na picha ya cheti kwenye simu. Kwa nini asiichape steshenari, aipeleke kwa wakili ipigwe mhuri kuwa ni nakala halisi?

Wakili wa kwanza aliyemfuata alikataa, na alieleza kwa upole. Mhuri ule una maana moja: wakili ameiona hati halisi kwa macho yake, ameilinganisha na nakala, na anathibitisha kwamba zinafanana. Hati halisi isipokuwepo hana cha kulinganisha. Akigonga mhuri hata hivyo atakuwa ameshuhudia jambo ambalo hakuliona, na mhitimu atakuwa ametuma hati yenye uthibitisho wa uongo. Mwajiri akija kuomba cheti halisi siku ya usaili, swali halitakuwa tena kuhusu upotevu, litakuwa kuhusu uaminifu wake. Wapo wanaogonga bila kuona chochote, kwa fedha ndogo. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Wakili yuleyule akamwuliza, "Huna nakala yoyote ya zamani iliyothibitishwa wakati cheti kikiwepo?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa Kibaigwa, chini ya kitanda.

Nakala ile ya mwaka 2021 ilithibitishwa wakili akiwa na cheti halisi mezani. Tarehe yake ni ya zamani, lakini uthibitisho wake ni wa kweli. Wakili akamwandalia pia kiapo kifupi cha upotevu: jina lake, cheti gani, namba ya mtihani, kilipotea lini na wapi, na namba ya taarifa ya polisi.

Swali lililobaki lilikuwa kama taasisi ingekubali. Watu wengi hutuma tu na kuomba Mungu. Binti alipiga simu namba iliyokuwa kwenye tangazo Jumatano asubuhi, kisha akatuma barua pepe ili jibu liwe la maandishi. Iliandikwa hivi: "Cheti changu halisi cha kidato cha sita kimepotea Jumatatu wiki hii. Ninayo nakala iliyothibitishwa na wakili mwaka 2021, taarifa ya polisi na kiapo cha upotevu. Naomba kujua kama vitapokelewa kwa maombi haya, wakati naendelea na taratibu za NECTA." Hakueleza habari za basi wala machozi.

Jibu lilikuja mchana: vitapokelewa kwa hatua ya maombi, ila akifika hatua ya usaili aje na ushahidi kwamba ameomba cheti mbadala. Si kila mwajiri atajibu hivyo. Wengine hutaka hati halisi na hawasogei. Lakini mwenye jibu hilo Jumatano bado ana siku mbili za kutafuta njia nyingine, na anayelipata Ijumaa hana.

Mama apanda basi

Jumatano hiyohiyo mama aliamka mapema. Bahasha ya sanduku ilihitaji kufika Dodoma, na safari hii hakutaka kumpa kondakta. Lakini kwanza alipitia makao makuu ya wilaya kuulizia cheti cha kuzaliwa.

Kumbukumbu za vizazi husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na kwa kawaida huduma hupatikana ofisi ya wilaya. Maombi hufanyika pia mtandaoni kupitia mfumo wa eRITA. Cheti kikipotea, kumbukumbu ya usajili haipotei. Kinachoombwa ni nakala nyingine ya cheti kutokana na kumbukumbu ileile. Kinachorahisisha kazi ni namba ya usajili na wilaya ilikofanyika. Bila hizo, karani hulazimika kuanza kutafuta. Mama alikuwa na zote mbili kwenye nakala. Aliacha maombi, akachukua risiti, akapanda basi la kwenda Dodoma na ile bahasha ameibana kifuani ndani ya kanga.

Walikutana stendi. Mama alitaka kuanza na kuomba msamaha. Binti akamwambia, "Mama, jina lako ndilo lililonipa namba." Wakacheka, wakaenda steshenari.

Skani ilifanyika Jumatano jioni, nakala zenye mhuri zikiwa bapa kwenye mashine, si kwa kupiga picha kwa simu, maana mhuri uliofifia hauonekani kwenye picha yenye kivuli. Kwa cheti cha kidato cha sita walitengeneza faili moja ya PDF yenye kurasa tatu kwa mpangilio: nakala iliyothibitishwa, kisha taarifa ya polisi, kisha kiapo. Kwa cheti cha kuzaliwa waliweka nakala ya zamani na taarifa ileile ya polisi. Hivyo anayefungua nafasi ya cheti anakuta maelezo hapohapo, hatafuti kwingine.

Kabla ya kutuma, mama alimwambia asome jina lake kwenye kila karatasi kwa sauti. Yalilingana. Yasingelingana, kwa mfano jina la kati likawepo kwenye cheti cha shule na lisiwepo NIDA, wangehitaji kiapo kingine cha kueleza kwamba ni mtu mmoja, na hicho pia kinahitaji siku.

Maombi yalitumwa Alhamisi, saa 2 asubuhi. Ijumaa mchana, saa chache kabla ya kufunga, mfumo wa maombi ulikuwa mzito na rafiki yake wa Nkuhungu alihangaika hadi saa 9 kupandisha faili zake.

Wiki tatu baadaye aliitwa kwenye usaili. Alikwenda na risiti ya NIDA, risiti ya RITA, kipande cha gazeti chenye tangazo la upotevu na uthibitisho wa maombi ya NECTA, vyote kwenye faili la plastiki. Aliulizwa swali moja tu kuhusu vyeti, akaonyesha, wakaendelea na maswali ya uuguzi. Nafasi aliipata.

Bahasha ya kaki haijaonekana hadi leo. Sanduku la bati bado liko chini ya kitanda Kibaigwa, sasa likiwa na seti mbili za nakala zilizothibitishwa za kila mtoto, na picha zake ziko kwenye barua pepe ya binti. Ndani ya kifuniko mama amebandika karatasi yenye jina lake, lilivyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Ana watoto wanne. Limeandikwa kwa namna tatu.